Jirani ana kitufe kipya, wewe huna: kwa nini apdeti ni moja lakini simu hazifanani

Hivi majuzi mteja wetu mmoja, mama anayeuza nguo za mitumba Gikomba, alipiga simu kwa huduma kwa wateja akiwa amechoka kabisa. "Dada, jirani yangu wa kibanda cha pili ako na kitufe cha kuomba pesa irudishwe. Mimi nimeapdeti apu, nimeitoa, nimeirudisha, na bado sina. Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Lakini kabla ya kutupigia sisi, kuna mtu mwingine alikuwa amempigia yeye. Mtu huyo alijitambulisha kama mfanyakazi wetu, akamweleza kwamba kitufe kile kinawashwa kwa watu kidogo kidogo, na kwamba angemwashia papo hapo akimtajia tu PIN yake. Mama alikata simu. Angekuwa na haraka zaidi siku hiyo, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Kilichotukosesha raha ofisini ni kwamba nusu ya maneno ya tapeli yule yalikuwa kweli. Ni kweli huwa tunawasha vipengele vipya kwa watu kidogo kidogo. Ni kweli simu mbili zenye toleo lile lile la apu zinaweza kuonyesha vitu tofauti. Na kwa kuwa sisi wenyewe hatukuwa tumewahi kulieleza jambo hili, tulimwachia yeye nafasi ya kulieleza kwa niaba yetu. Basi leo tunalieleza, pamoja na siku moja ambayo mpango huu ulituokoa, japo si kwa kila kitu.

Apdeti ikishatoka hairudi

Tukimaliza toleo jipya la apu tunalipeleka Google Play na App Store. Huko hukaguliwa kwanza, kisha ndipo linaanza kufika kwenye simu. Wengine hulipata usiku huo huo kwa sababu wana WiFi nyumbani. Wengine hungoja wiki kadhaa, maana bando ni kidogo au simu imejaa picha. Apple wana mpango wa kulitoa polepole kwa siku 7, kuanzia asilimia 1 ya watumiaji, kisha 2, 5, 10, 20, 50 hadi 100. Google Play nao wanaturuhusu kuchagua asilimia.

Shida ni kwamba hatuwezi kulitoa toleo kwenye simu yako likishaingia. Tunaweza kuwazuia wengine wasilipate, lakini wewe uliyelipata unabaki nalo. Hata tukitaka kurudia toleo la zamani, kwenye Android ni lazima tulitume upya likiwa na namba kubwa kuliko lile bovu, lipite ukaguzi, halafu tukungoje uliteremshe. Kwa apu ya kuchezea mafumbo hiyo ni kero tu. Kwa apu inayoshika pesa ya unga na ya karo, kungoja siku mbili huku kitufe kibovu kikiendelea kubonyezwa ni jambo lisilokubalika.

Kwa hiyo tumetenganisha mambo mawili ambayo zamani yalikuwa kitu kimoja: kufikisha kipengele kwenye simu yako, na kukiwasha. Ni kama fundi wa stima anayepitisha waya ukutani kabla nyumba haijapakwa rangi. Waya uko ndani, taa iko juu, lakini hakuna kinachowaka mpaka mtu abonyeze swichi. Wahandisi wetu huiita flegi, kwa maana ya bendera, lakini hapa tutaiita swichi kwa sababu ndiyo kazi inayofanya.

Ndani ya swichi kuna nini

Ndani ya apu, swichi ni swali moja fupi. Ukifungua ukurasa wa muamala, apu hujiuliza kama kipengele hiki kimewashwa kwa mteja huyu. Kwa msimbo inakaa hivi:

```
if (flags.isOn("omba_irudishwe", accountId)) {
    showReversalButton();
} else {
    showOldPage();
}
```

Njia zote mbili, ya zamani na mpya, ziko ndani ya simu yako tayari. Jibu la swali ndilo linalotoka kwetu, kwenye seva. Apu huchukua majibu hayo unapoifungua, kisha kila baada ya dakika 15 ikiwa bado iko wazi. Ikikosa mtandao hutumia majibu ya mara ya mwisho. Na kama haijawahi kupata jibu lolote, hukaa kama zamani. Tuliamua hivyo makusudi: mtu aliye mahali mtandao unakuja na kuondoka apate apu anayoijua, hata kama haina kitufe kipya, kuliko apate kitu ambacho huenda tumeshakizima.

Sasa, seva inajuaje nani apewe? Hapa ndipo mama wa Gikomba na jirani yake walipoachana njia. Seva huchukua namba ya akaunti yako, huiunganisha na jina la swichi, kisha hufanya hesabu inayotoa namba moja kati ya 0 na 99. Hesabu hiyo haina upendeleo. Haiangalii salio lako, wala umekuwa nasi miaka mingapi, wala simu yako ni ya bei gani. Lakini ni thabiti: akaunti ile ile na swichi ile ile hutoa namba ile ile kila mara.

Wacha tuseme jirani alipata 3 na mama akapata 63. Tukiweka swichi kwenye asilimia 5, kila mwenye namba chini ya 5 anapewa. Jirani anakipata, mama hakipati. Tukipanda hadi 20, jirani anabaki nacho na mama bado anangoja. Tukifika 50, mama angali nje. Ni mpaka tuvuke 63 ndipo kitufe kitokee kwake. Unaona sasa kwa nini kuitoa apu na kuirudisha hakukusaidia. Namba inatokana na akaunti, na akaunti haikubadilika. Alichopoteza ni bando tu, pole sana.

Na kwa nini jina la swichi linaingia kwenye hesabu? Bila hilo, jirani angekuwa 3 kwa kila kitu, na kila mara tunapojaribu jambo jipya yeye na wenzake wale wale wangekuwa wa kwanza kukutana na kasoro zetu. Jina likiingia, kila swichi inawapanga watu upya. Leo ni jirani, kesho huenda ni mama.

Jumanne tuliyozima

Kitufe chenyewe kinafanya hivi. Umetuma pesa kwa namba isiyofaa. Unafungua muamala, unabonyeza "Omba irudishwe". Seva yetu inashikilia kiasi hicho kwenye akaunti ya aliyepokea, ili kisitolewe wakati watu wetu wanampigia simu na kusikia upande wake. Akikubali, pesa inarudi kwako. Akikataa kwa sababu halali, inaachiliwa abaki nayo.

Tulianza na wafanyakazi wetu wenyewe, tukatumiana pesa kimakosa kwa wiki mbili. Kila kitu sawa. Tukaweka asilimia 1 ya wateja, siku kadhaa, kimya. Jumanne moja saa tatu asubuhi tukapanda hadi 5.

Kwenye skrini tunayoitazama wakati kama huo kuna mistari miwili: idadi ya maombi ya kurudishiwa, na idadi ya miamala inayolalamikiwa. Kwa akili ya kawaida mistari hiyo ni mmoja, maana muamala mmoja una ombi moja. Kufikia karibu saa sita ilikuwa imeachana. Maombi yalikuwa mengi kuliko miamala. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika bado, na hakuna seva iliyotoa onyo; kila ombi moja moja lilikuwa limefaulu vizuri tu. Ni tofauti ya mistari hiyo miwili iliyotuambia kuna jambo.

Tulipofungua mfano mmoja, tukaukuta mzima. Mtu alituma Sh3,200 kwa namba ya mwendesha boda boda mmoja Kitale kimakosa, akaomba irudishwe. Simu yake ilituma ombi, seva ikalipokea na kushikilia zile Sh3,200, lakini jibu likapotea njiani kwa sababu mtandao ulikuwa dhaifu. Simu ikamwonyesha "Jaribu tena". Naye, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akajaribu tena. Seva ikaliona ombi la pili kama jambo jipya kabisa na kushikilia Sh3,200 nyingine. Kwa hiyo yule mtu wa boda alikuwa na Sh6,400 zimefungwa, na nusu yake ilikuwa jasho lake la asubuhi. Alisimama kwenye kituo cha mafuta akiambiwa salio halitoshi, na hakuwa amemkosea mtu.

Kwa nini hatukuliona ndani ya wiki mbili za majaribio? Kwa sababu ofisini mtandao wetu haukatiki katikati ya sentensi. Hatukuwahi kubonyeza mara mbili kwa kuwa hatukuwahi kuhitaji. Asilimia 1 nayo ilikuwa na watu wachache mno kwa tofauti hiyo kuonekana.

Saa sita na dakika kumi tulizima. Kwetu mtu mmoja hawezi kubonyeza swichi ya wateja peke yake. Mmoja anaomba, wa pili anaidhinisha, hata kama wanaketi meza moja. Ilichukua chini ya dakika moja. Hebu linganisha na njia ya zamani: kuandika toleo jipya, kungoja ukaguzi, kisha kungoja kila mtu aapdeti.

Lakini kumbuka zile dakika 15. Simu zilizokuwa zimefunguliwa tayari ziliendelea kuonyesha kitufe kwa muda, kwa sababu zilikuwa hazijauliza upya. Ndiyo maana swali lile lile la swichi linaulizwa mara ya pili kwenye seva, ombi linapofika. Aliyebonyeza baada ya saa sita na dakika kumi alijibiwa kwamba huduma haipatikani kwa sasa, na hakuna pesa iliyoshikiliwa. Kama swichi ingekaa kwenye simu peke yake, tungekuwa tumezima taa sebuleni huku jikoni inawaka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kile ambacho swichi haikufanya. Haikufungua pesa ya yule mtu wa boda. Swichi hubadilisha kitakachotokea kuanzia sasa; kilichokwisha kuandikwa kwenye vitabu hakiguswi. Ilitubidi tutoe orodha ya kila muamala uliokuwa na maombi zaidi ya moja, tuyaachilie ya ziada, na mtu mwingine akague. Tulimaliza jioni. Alasiri nzima hiyo kuna watu walikosa pesa yao, na tuliwapigia simu mmoja mmoja kuomba radhi.

Haikutakiwa pia kufunga yale maombi halali yaliyokuwa yameshaingia. Mtu aliyeomba mara moja, vizuri, saa nne asubuhi, alikuwa bado anangoja jibu. Tungezima njia yote, ombi lake lingening'inia na pesa ya aliyepokea ingebaki imeshikiliwa bila mwisho. Kwa hiyo swichi zetu za pesa zinafunga mlango wa kuingilia tu. Aliye ndani anahudumiwa mpaka atoke.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo. Kila muamala tayari una namba yake ya kipekee, ile unayoiona kwenye meseji. Tuliiambia seva: ombi likija na namba ya muamala ambao umeshaombewa, usifanye chochote kipya, rudisha tu jibu la kwanza. Sasa hata ukibonyeza mara kumi, kinachoshikiliwa ni kimoja. Na kwa kuwa mabadiliko yalikuwa upande wa seva, hakuna mteja aliyehitaji kuapdeti. Alhamisi tuliwasha tena, tukianzia asilimia 1.

Swichi iliyosahaulika

Ukifikiri sasa kwamba dawa ni kuwa na swichi nyingi iwezekanavyo, kuna kisa cha Marekani ambacho kila mhandisi mpya kwetu husimuliwa. Kampuni ya Knight Capital ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Tarehe 1 Agosti 2012 Soko la Hisa la New York lilianzisha mpango mpya, na Knight walikuwa wameandika msimbo wa kushiriki. Msimbo huo uliwashwa kwa swichi ambayo haikuwa mpya. Zamani swichi hiyo iliwasha kazi nyingine iliyoitwa Power Peg, ambayo walikuwa wameacha kuitumia tangu 2003 lakini hawakuwahi kuiondoa kwenye mashine.

Seva zilikuwa nane. Saba ziliwekewa msimbo mpya, moja ikasahauliwa. Soko lilipofunguliwa, kwenye zile saba swichi ilimaanisha kazi mpya. Kwenye ile ya nane ilimaanisha Power Peg. Seva hiyo ikaanza kutuma oda bila kujua kwamba zimeshatimizwa, ikaendelea na kuendelea. Katika kujaribu kurekebisha, waliondoa msimbo mpya kwenye zile saba nzuri, nazo zikarudi kwenye ule wa zamani na kuanza kufanya lile lile. Katika dakika kama 45 walikuwa wamefanya miamala zaidi ya milioni 4, na hasara ilizidi dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni iliunganishwa na nyingine, na mdhibiti wa masoko ya hisa akaitoza faini ya dola milioni 12.

Ndani ya kisa hicho kuna makosa mawili ambayo sisi pia tungeweza kuyafanya kirahisi. Moja ni kutumia upya jina la swichi ya zamani. La pili ni kuacha njia ya zamani ndani ya msimbo baada ya kazi kuisha, ati labda itahitajika. Kwa hiyo jina likishatumika kwetu halirudiwi kamwe, na kila swichi inapozaliwa huandikiwa mwenyewe na tarehe ya kuondolewa. Kipengele kikikaa kwenye asilimia 100 kwa mwezi bila tatizo, mwenyewe anatakiwa kufuta swali na kufuta njia ya zamani. Hatusemi tunalitimiza kila mara. Kuna swichi moja ya rangi ya ukurasa wa mbele ambayo imepitwa na tarehe yake, na kila Jumatatu mtu anaahidi.

Kuna chache tunazoziacha kwa makusudi. Hizo ni za dharura, kwa mfano ya kuzima malipo kwenda benki fulani benki hiyo ikipata hitilafu, ili upate jibu la wazi badala ya pesa kuning'inia. Hizo tunazijaribu mara kwa mara, maana swichi ambayo haijabonyezwa mwaka mzima hakuna anayejua kama bado inafanya kazi.

Kwenye simu yako

Ili kitufe kipya kitokee yanahitajika mambo mawili: uwe na toleo la apu lenye kipengele hicho ndani yake, na swichi iwe imefika kwenye namba yako. La kwanza ni lako, ukiapdeti umelimaliza. La pili halina malipo, halina foleni ya kuruka, na haliombwi. Dada au kaka anayepokea simu kwa huduma kwa wateja hana swichi mezani kwake. Wahandisi wanaweza kuongeza akaunti fulani kwenye majaribio, lakini hufanya hivyo kwa namba ya akaunti ambayo tunayo tayari. PIN haimo popote kwenye hesabu ile. Seva haiihitaji ili kujua kama wewe ni 3 au 63, kwa hiyo anayeiomba ili "akuwashie" anaitaka kwa kazi nyingine.

Na kama kitufe ulichokuwa nacho jana leo hakipo, usidhani simu imeharibika wala usikimbilie kuweka apu upya. Huenda tumeona mistari miwili ikiachana na tumezima. Kama ulikuwa umeshaomba jambo kupitia kitufe hicho, ombi lako bado lipo, na unaweza kulifuatilia kwa kutupigia ukiwa na ile namba ya muamala kwenye meseji.

Mama wa Gikomba alikipata chake siku tulipofika 100. Hakuapdeti chochote siku hiyo. Alifungua apu kuangalia kama mteja amelipa suruali mbili, akafungua muamala, akakikuta pale chini.